Mishikaki ya mkaa: rojo lisilo na sukari, rojo tamu tangu mwanzo, au utamu wa mwisho?

Anayechoma mishikaki nyumbani kwa kawaida hununua nyama kwanza, akatafuta mkaa, akatayarisha viungo kwa mazoea, na suala la sukari humjia pale tu anapoona ncha za nyama zimekuwa nyeusi ilhali katikati bado pana damu. Ningependa mpangilio huo ugeuzwe. Sukari iamuliwe kwanza, kwa kuwa ndiyo itakayoamua nyama ikatwe kwa unene gani, ikae umbali gani kutoka kwenye makaa, na mchomaji awe na subira kiasi gani. Hapa ninalinganisha njia tatu ambazo nimezitumia kwenye jiko lilelile na nyama ileile, ili msomaji achague inayofaa jiko lake na wageni wake.

Njia ya kwanza ni rojo lisilo na sukari ya kuongezwa: kitunguu saumu, tangawizi, maji ya ndimu, papai bichi kidogo lililosagwa, chumvi, pilipili manga, bizari nyembamba na kijiko kimoja cha mafuta. Njia ya pili ni rojo hilohilo lililoongezwa vijiko vitatu vya asali na ukwaju uliokamuliwa, nyama ikaroweshwa humo tangu mwanzo. Njia ya tatu huanza kama ya kwanza, ila asali na ukwaju huchemshwa pembeni mpaka vikawa vizito, kisha hupakwa juu ya nyama dakika mbili za mwisho. Kila fungu lilikuwa nusu kilo ya nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa, iliyokatwa vipande vyenye upana wa kidole gumba, na kila mshikaki ulikuwa na kipande kimoja cha nundu katikati, kwa sababu mshikaki usio na mafuta kabisa hukauka kama ngozi.

Kwa nini sukari huwahi kuungua

Aliyewahi kupika kashata anaijua tabia hii ya sukari bila kufundishwa. Sukari inayeyuka taratibu, inakaa na rangi ya dhahabu kwa muda mfupi, na mpishi akigeuka kuchukua karanga akirudi anakuta sufuria inafuka moshi na kashata imekuwa chungu. Juu ya mkaa mambo ni hayohayo, tofauti ni kwamba hapa hakuna sufuria ya kuepua.

Wakati uso wa nyama ungali na majimaji, joto la uso huo haliwezi kupanda sana kupita nyuzi 100 za Selsiasi, kwa sababu joto lote linaloingia hutumika kuyafanya maji yawe mvuke. Kwa hiyo dakika za mwanzo rojo tamu na rojo lisilo tamu hufanana, na mchomaji hudanganyika akaamini kwamba mambo ni shwari. Uso ukishakauka, joto huruka. Kwenye nyuzi 140 hivi protini za nyama na sukari kidogo iliyomo huanza kugeuka rangi ya kahawia na kutoa ile harufu inayowaita majirani; hiyo ndiyo hatua tunayoitafuta. Sukari ya kawaida huanza kugeuka rangi kwenye nyuzi 160 hivi, na ikipita hapo kwa mbali kidogo huwa nyeusi na chungu. Asali ni mbaya zaidi kwa upande huu, kwani sehemu kubwa ya sukari yake ni ile ya matunda, ambayo huanza kugeuka kwenye nyuzi 110 tu. Anayebadilisha sukari kwa asali akitumaini kwamba asali itastahimili moto kwa kuwa ni ya asili anafanya kinyume cha alichokusudia.

Makaa yaliyokolea, kwa upande wake, huwa na joto la mamia kadhaa ya nyuzi, na yakipepewa hupita 700 bila shida. Nyama haipitishi joto kwa haraka. Kipande cha unene wa kidole gumba kinahitaji dakika nane hadi kumi ili katikati yake iive, ilhali sukari iliyokauka juu yake, ikiwa karibu na makaa, inahitaji dakika mbili au tatu kuungua. Tatizo lote limo katika tofauti hiyo ya muda, na kila njia ya kuchoma mishikaki mitamu ni namna fulani ya kuipunguza.

Iko pia sukari isiyoonekana. Sosi ya nyanya ya chupa ina sukari ya kutosha kubabua nyama. Ukwaju ni mchachu ulimini lakini nyama yake imejaa sukari. Maji ya nanasi yamo katika kundi hilohilo, na kitunguu maji kilichosagwa kina utamu wake ambao hujitokeza pale kinapokauka. Kwa haki ya sukari niseme pia kwamba si kila weusi ni wake: vipande vya kitunguu saumu vilivyoganda juu ya nyama huungua navyo, vikawa vichungu, hata kama hakuna chembe ya sukari. Ndiyo maana kabla ya kuweka nyama jikoni huwa naipangusa kwa kidole, nikaacha viungo vilivyoingia na kuondoa vilivyokaa juu tu.

Yaliyotokea jikoni

Niliwasha mkaa wa mti mgumu kwenye jiko la duara la nyumbani, nikasubiri karibu nusu saa mpaka vipande vyote vikafunikwa na jivu jeupe jepesi, kisha nikapima joto kwa kiganja. Kipimo hiki ni cha kale na sijapata kingine kinachokishinda: weka kiganja pale nyama itakapokaa, uhesabu polepole. Ukilazimika kuuondoa mkono kabla ya kufika tatu, huo ni moto mkali. Ukifika nne au tano, ni moto wa kati. Ukifika saba bila kulalamika, huo ni moto wa kupashia chakula kilichopoa.

Fungu la kwanza nililiweka vidole vinne juu ya makaa, pale nilipoweza kuhesabu mbili na nusu. Nilikuwa nageuza kila dakika moja hivi. Kufikia dakika ya nne nyama ilikuwa kahawia pande zote, kufikia ya tisa ilikuwa imeiva, na ncha tu za baadhi ya vipande ndizo zilizokuwa na weusi mwembamba unaokubalika. Hakukuwa na lolote la kusimulia, na kwa mchomaji hiyo ni sifa kubwa.

Fungu la pili, lile la asali tangu mwanzo, nililianza kwa umbali uleule kwa makusudi. Dakika mbili za kwanza zilikuwa nzuri kuliko za fungu lolote, nyama iking'aa kama iliyopakwa shira. Dakika ya tatu pembe za vipande zikaanza kuchemka vipovu vidogo vyeusi. Dakika ya nne moshi ulibadilika, ukaacha kunukia nyama na kuanza kuwasha macho, kwa sababu matone ya asali yalikuwa yakidondokea makaa na kuungulia huko. Nilichomoa mshikaki mmoja nikakata kipande: nje palikuwa na gamba jeusi, ndani pekundu pa baridi. Ile iliyobaki niliinua hadi zaidi kidogo ya nusu shubiri, yaani sentimita 13 hivi, pale nilipoweza kuhesabu tano, na niligeuza kila nusu dakika. Iliiva kwa dakika kumi na sita, ikiwa na rangi ya kahawia iliyokoza na utamu ulioingia vizuri, ila ilikuwa imepoteza maji mengi na ilihitaji kutafunwa kwa bidii.

Fungu la tatu lilikwenda kama la kwanza hadi dakika ya saba. Hapo niliihamishia upande wa jiko wenye makaa machache, nikapaka asali na ukwaju kwa brashi, nikageuza, nikapaka tena, nikaiacha kila upande kama nusu dakika mpaka ile rojo ikakauka na kunata. Haikuungua kwa sababu haikupewa nafasi ya kuungua. Tahadhari moja ya lazima ni kwamba rojo la kupaka mwishoni lisiwe lile lililoroweka nyama mbichi. Litengwe mapema katika bakuli lake, au lichemshwe kabisa kabla ya kutumika.

Moto unaoruka

Njia zote tatu zina adui mmoja, naye ni mafuta. Nundu inayeyuka, tone linadondoka juu ya kaa, linageuka mvuke unaowaka, na ghafla ulimi wa moto unapanda na kuilamba nyama. Miali hiyo haiivishi chochote. Inaweka masizi, na masizi yana ladha ya taa ya kibatari. Katika rojo tamu madhara yake ni mara mbili, kwani mwali unaogusa uso wenye sukari kwa sekunde chache tu unatosha kuufanya mweusi.

Moto wa kwanza kuruka mara nyingi hautokani na nundu, bali na mafuta ya kwenye rojo. Ndiyo sababu ninatia kijiko kimoja tu kwa nusu kilo, na mishikaki huiegemeza kwenye sinia kwa dakika tano ili ichuruzike kabla ya kwenda jikoni. Baada ya hapo huwa pana utulivu, halafu nundu huanza kudondosha, kwa kawaida baada ya dakika tatu au nne, na hapo ndipo mchomaji hapaswi kwenda kupokea simu.

Miali ikiruka, watu wengi hufanya moja ya mambo mawili, na yote mawili nayaona ni makosa. Wa kwanza humwagia maji. Moto unazimika kweli, lakini maji yakikutana na makaa hurusha jivu juu ya nyama, na jivu hunata vizuri zaidi kwenye nyama yenye asali kuliko kwingine kokote. Ikiwa chini ya jiko kuna mafuta yaliyokusanyika na yamewaka, maji huyarusha hayo mafuta yenyewe, na hiyo si habari ya ladha tena bali ya usalama. Wa pili hupepea kwa nguvu akidhani anapuliza mshumaa. Mwali unaweza kukatika kwa nukta, lakini makaa yamepata hewa na yamekuwa makali zaidi, na tone linalofuata litawaka kwa haraka kuliko lililotangulia.

Mzee mmoja mchoma mishikaki niliyekuwa nikisimama karibu na meza yake jioni aliniona nikishangaa utulivu wake moto ulipopanda. Alisukuma mishikaki mitatu kando, akaacha pengo, akaendelea na mazungumzo. "Mwanangu," aliniambia, "moto huu unakula mafuta. Ukiondoa chakula chake, unabaki kukodoa macho tu." Hakuwa na maji karibu, ila alikuwa na kopo la jivu, na mara moja moja alinyunyiza konzi ndogo juu ya kaa lililokuwa likiwaka kwa ukaidi. Jivu hulifunika kaa na kupunguza hewa inayolifikia bila kurusha chochote, ilimradi nyama iwe imesogezwa kwanza.

Kusogeza kando kunahitaji pawepo kando pa kusogezea. Kwa hiyo makaa yasitandazwe jiko zima. Theluthi mbili ziwe na makaa, theluthi moja ibaki tupu, na nyama yenye sukari ianzie na kumalizikia karibu na mpaka huo. Kwa fungu la tatu mpaka huu ni muhimu kuliko umbali wenyewe.

Umbali, na udanganyifu wa jiko pana

Ushauri wa kuinua nyama unafaa sana kwenye jiko dogo. Makaa yakiwa kwenye duara la upana wa shubiri moja, kuinua nyama kutoka vidole vinne hadi zaidi ya nusu shubiri kunapunguza joto kwa kiasi ambacho kiganja kinakisikia mara moja, kwani sehemu kubwa ya joto linalotoka kwenye makaa sasa inapita pembeni mwa nyama. Lakini kwenye jiko la pipa la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu, likiwa limejazwa makaa kutoka ukingo hadi ukingo, kuinua kwa kiasi hichohicho kunabadilisha kidogo sana. Nyama bado inaona makaa kila upande inakotazama, na joto linalokosekana kutoka chini linafidiwa na lile la pembeni. Niliwahi kuharibu sinia nzima ya kuku wa asali kwenye sherehe ya ndugu kwa kutolijua hilo: niliinua wavu matofali mawili, nikatulia, na kuku wakaungua vilevile, ila kwa kuchelewa kidogo.

Kwenye jiko la namna hiyo joto hupunguzwa kwa kupunguza makaa. Yatandazwe safu moja yenye nafasi kati ya kaa na kaa, yaachwe yavae jivu, na upepeo uwekwe mbali. Tena umbali hauzuii miali: mwali wa nundu hupanda shubiri nzima bila taabu, kwa hiyo nyama iliyoinuliwa bado inahitaji pengo la kukimbilia.

Vijiti navyo vina neno. Mishikaki ya chuma bapa iliyolazwa juu ya kingo mbili za jiko, bila wavu, ni bora kwa rojo tamu, kwa sababu sukari hunata kwenye wavu, ikaungulia hapo, na kumegua uso wa nyama unapogeuza. Chuma cha mviringo kina kasoro ya kuzunguka huku nyama ikibaki palepale. Vijiti vya mianzi viloweshwe nusu saa, ingawa hilo huchelewesha tu kuungua. Kinachoviokoa hasa ni ncha zake kukaa nje ya makaa.

Ipi ichaguliwe

Kwa mtu mwenye wageni wengi, jiko pana na mikono miwili tu, nachagua njia ya kwanza bila kusita, na utamu uwekwe mezani. Ndivyo mishikaki inavyoliwa sehemu nyingi za pwani, Forodhani kule Unguja ikiwemo: nyama inachomwa kwa viungo vikavu au vichachu, halafu ukwaju wenye sukari na pilipili unamiminwa juu yake sahanini, mahali ambapo hakuna moto wa kuudhuru. Sidhani kama desturi hiyo ilitokana na ladha peke yake. Wachomaji wanaosimama mbele ya makaa kila jioni walishaona sukari inawafanyia nini.

Njia ya tatu ndiyo ninayoitumia nyumbani ninapochoma mishikaki isiyozidi kumi na miwili. Inadai mtu wa kusimama hapo dakika mbili za mwisho na upande wa jiko usio na makaa, na malipo yake ni gamba la kahawia linalong'aa ambalo ukwaju wa mezani hauwezi kulileta. Wajapani wanaochoma kuku kwenye vijiti hufuata mantiki hii: kijiti huchovywa kwenye sosi tamu baada ya nyama kukaribia kuiva, kikarudishwa motoni kwa muda mfupi, kikachovywa tena.

Njia ya pili nisingemshauri mtu kwa vipande vya kawaida vya nyama ya ng'ombe. Inafaa pale tu nyama inapokatwa nyembamba sana. Sate ya Malesia na Indonesia huroweshwa kwenye rojo lenye sukari tangu mwanzo na haiungui ovyo, lakini vipande vyake ni vyembamba na vidogo, jiko lake ni kijisanduku chembamba kirefu, na katikati ya nyama huiva kwa dakika chache, kabla sukari haijafika mbali. Anayetaka njia hii aanze na kisu: akate vipande nusu ya unene wa kidole gumba, aache nundu kabisa, apunguze asali hadi kijiko kimoja kwa nusu kilo, aipanguse nyama, na aanzie kwenye hesabu ya tano ya kiganja.

Na kama ncha zimeshakuwa nyeusi, kwaruza kwa ukucha kabla ya kuitupa. Weusi unaotoka kama unga ni masizi ya mwali, na kitambaa chenye maji ya ndimu huyaondoa. Weusi mgumu unaong'aa kama kioo na unaovunjika ni sukari iliyoungua. Huo umeshaingia kwenye nyama, na hapo dawa ni mkasi.